Jibu fupi kwa dereva aliye njiani: useme hivi au vile?

Kazi yangu ni kuwajibu madereva. Ninakaa katika afisi ndogo karibu na soko la Kongowea, nao huwa njiani wakisambaza samaki na barafu katika maduka na mikahawa ya kisiwani Mombasa. Simu zao zimebanwa kwenye dashibodi na sauti hutoka kwa kipaza, kwa sababu sheria hairuhusu dereva kushika simu gari likienda, na hata isingekataza, mtu anayebadilisha gia katika msongamano wa daraja la Nyali hana mkono wa ziada. Mimi ndiye ninayepaswa kuhakikisha kwamba ninachosema kinaeleweka mara moja.

Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilimjibu dereva mmoja mzee, ninayemwita Ami kwa heshima, jibu la neno moja. Alikuwa amebeba barafu ya duka moja la Tudor. Aliniuliza, "Mwenye duka atafungua leo?" Nilikuwa nimezungumza na mwenye duka dakika chache kabla, nikajua kwamba ana msiba na siku hiyo haji kazini. Nikajibu: "Hatafungua." Ami akasikia "Atafungua." Alikwenda, akaegesha mbele ya mlango uliofungwa, akangoja karibu saa nzima juani huku maji yakitona chini ya gari. Aliponipigia tena kuuliza kwa nini mwenye duka anachelewa, nilielewa kosa lilikuwa wapi. Halikuwa kwenye masikio yake. Nilichagua umbo la kitenzi ambalo linatofautiana na kinyume chake kwa herufi moja tu, nalo likapotea katika mngurumo wa injini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyalinganisha majibu mawili mawili kabla ya kuamua lipi la kutumia. Ninayaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayemjibu mtu anayeendesha gari, au mtu ambaye mikono yake imeshikwa na kazi, kwa sauti au kwa ujumbe ambao simu itausoma. Kinachofanya uchaguzi huu uwe mgumu ni kwamba msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama msomaji anavyorudia mstari. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, kwa hivyo maelezo ya sekunde 10 yanamalizika likiwa limeshasonga mita 140, na huenda kona iliyotajwa mwanzoni mwa maelezo tayari iko nyuma yake.

"Hatafungua" au "hafungui leo"

Katika Kiswahili, kukanusha kunafanyika mwanzoni mwa kitenzi, ilhali mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maana yake ni kwamba sehemu inayobeba "la" hutamkwa kwa wepesi, na sehemu inayosikika vizuri ni ile ambayo inafanana katika maneno yote mawili. "Atafungua" na "hatafungua", "atakuja" na "hatakuja", "watapokea" na "hawatapokea": jozi mbili za kwanza zinatenganishwa na pumzi ya h peke yake, na wapo wasemaji wengi ambao h yao ni nyepesi hata wakiwa ana kwa ana.

Wakati uliopo una nafuu, kwa sababu vitenzi vya asili ya Kibantu hubadilika pia mwishoni vinapokanushwa. "Hafungui" ina ha- mwanzoni na -i mwishoni, kwa hivyo hata kama mwanzo umemezwa na honi ya matatu, mwisho unabaki kutoa habari. Vivyo hivyo "haji", ambayo haiwezi kuchanganywa na "anakuja", wala na "yuaja" tunavyosema hapa Mvita. Ndiyo maana, kwa jambo litakalotokea leo, ninachagua "hafungui leo" badala ya "hatafungua", na ninaongeza tendo ambalo msikilizaji anapaswa kulifanya: "Hafungui leo. Rudi." Kama neno la kwanza limepotea, la mwisho linalithibitisha. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havina msaada huo, kwani "rudi" hubaki "rudi" katika "harudi", kwa hivyo hapo tendo linaloongezwa ndilo linalotegemewa zaidi.

Mtu anaweza kufikiri kwamba dawa ni kuepuka kukanusha kabisa na kusema "amefunga". Nilijaribu, nikaacha. "Amefunga" na "amefungua" zimekaribiana mno, na hali hiyo iko katika vitenzi vingi ambavyo kinyume chao hufanywa kwa kubadilisha mwisho. Kwetu sisi jozi iliyo hatari zaidi ni "pakia" na "pakua". Irabu moja inamfanya mtu ajaze gari ambalo alitakiwa kulimwaga. Kwa hivyo tumekubaliana na madereva kwamba kujaza ni "pakia" na kutoa ni "shusha", na neno "pakua" tumeliacha jikoni, kwenye sufuria ya wali.

Uchaguzi mwingine wa aina hii unahusu adabu. Tumezoea kumwambia mtu mzima "upinde kushoto" kwa sababu ni laini kuliko "pinda kushoto". Lakini "upinde" na "usipinde" zinatofautiana kwa silabi moja isiyo na mkazo, na zote mbili zinaishia sawasawa. "Pinda" kavu ni salama zaidi, na pale ambapo dereva hatakiwi kupinda, sitamki kitenzi hicho hata kidogo, ninasema "nyoosha". Heshima inawekwa mahali pengine, nami nitafika hapo.

"Ndiyo" au kitenzi chenyewe

Dereva anauliza, "Hawajafunga?" Ukijibu "Ndiyo", umemwambia nini? Kwa msemaji aliyekulia katika Kiswahili, "ndiyo" inakubali kauli kama ilivyosemwa: ndiyo, hawajafunga, njoo. Kwa mwingine ambaye masikio yake yamezoea Kiingereza cha shuleni, "ndiyo" ina maana kwamba wamefunga. Wote wawili wanaendesha magari katika mji huu mmoja, na wakati mwingine ni mtu yule yule anayebadilisha mtindo kulingana na anayezungumza naye.

Hapa uchaguzi ni rahisi kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa kurudia kitenzi hakuongezi hata sekunde moja. "Wako wazi" inajibu swali lolote kati ya hayo, liwe limekuja kwa kukubali au kwa kukanusha. Neno "bado" nalo ni zuri sana kwa swali linalohusu tendo: "Wamepakia?" au "Hawajapakia?", yote mawili yanajibiwa "Bado" bila utata. Tahadhari yake ni moja. Swali likiwa juu ya hali, kama "Njia imefungwa?", basi "bado" inaweza kueleweka kuwa njia ingali imefungwa, na pia kuwa haijafungwa. Hapo ninaiacha na kusema "Njia iko wazi" au "Njia haipitiki".

"Pinda kushoto ukifika msikitini" au "Ukifika msikitini, pinda kushoto"

Katika maandishi sentensi hizi mbili ni sawa. Masikioni zinatofautiana sana, na kama ningelazimika kumfundisha mtu jambo moja tu katika kazi hii, lingekuwa hili. Anayesikia "pinda kushoto" kwanza, mkono wake huanza kutafuta kiashirio kabla hajajua ni wapi. Nimewahi kuusikia kupitia simu mlio wa kiashirio ukianza kulia nikiwa sijamaliza sentensi, na dereva alikuwa bado na kona mbili kabla ya ile niliyomaanisha. Lakini anayesikia "ukifika msikitini" anatazama mbele kuutafuta msikiti, na neno "kushoto" linamfikia wakati analihitaji, likibaki la mwisho sikioni. Kiswahili kimetupa -ki- kwa kazi hii, na pia "ukishavuka" na "ukishapita", ambazo zinaonyesha kwamba alama inapaswa kuwa nyuma kabla ya kutenda.

Kinyume chake ni "kabla hujafika kituo cha mafuta, pinda". Ninalikwepa umbo hili kwa sababu mbili. Lina ukanushi ndani yake ambao hauna maana ya kukanusha, jambo linalomfanya mtu mwenye haraka asite. Na alama iliyotajwa iko mbele ya kona, kwa hivyo dereva anaitambua kona wakati ameshaipita. Afadhali kutafuta alama iliyo upande wa huku, hata kama ni ndogo kuliko kituo cha mafuta: duka la rangi, mwembe, kibanda cha mkaa.

Na pale ambapo barabara ina jina la inakoelekea, hata kushoto na kulia havihitajiki. Dereva anayetoka Kongowea akienda Tudor ninaweza kumwambia hesabu ya mizunguko na njia za kuingilia, au ninaweza kumwambia: "Ukishavuka daraja, shika njia ya Tudor." Jibu la pili ni fupi, na linamfaa pia yule ambaye foleni imemsukuma akatokea upande asioutarajia, kwa kuwa njia ya Tudor ni ile ile popote atakapoikuta. Kwa mgeni asiyeijua Mombasa halifai, kwani yeye hana picha ya Tudor kichwani. Huyo anahitaji alama anazoziona kwa macho, moja kwa wakati mmoja.

"Baada ya saa moja" au "saa tisa alasiri"

Wakati ndio uliotuletea hasara nyingi zaidi baada ya kosa la barafu. "Saa moja" ni kipimo cha dakika 60, na pia ni saa ya asubuhi au ya jioni. "Watapokea mzigo baada ya saa moja": aliyeko njiani saa kumi na moja jioni anaweza kuelewa kwamba asubiri mpaka saa kumi na mbili, au mpaka saa moja ya usiku ipite, na kila moja ya tafsiri hizo ni Kiswahili sahihi. Nikimaanisha muda, ninataja dakika. Nikimaanisha saa ya ukutani, ninataja na sehemu ya siku.

Sehemu ya siku ina faida nyingine ambayo sikuitambua mpaka nilipoanza kuorodhesha makosa yetu. "Sita" na "tisa" zina herufi zile zile, s na t zikiwa zimebadilishana nafasi, na katika kelele mtu anaweza kusikia moja badala ya nyingine. Lakini saa sita ni ya mchana na saa tisa ni ya alasiri, kwa hivyo "saa tisa alasiri" inajisahihisha yenyewe. Nambari za milango na za nyumba hazina msaada kama huo, na kwa hizo ninahesabu kwa kuzipakanisha: "mlango wa tisa, baada ya wa nane".

Wateja wetu wengi hupanga siku yao kwa sala, na "baada ya alasiri" au "baada ya magharibi" ni jibu linaloingia akilini bila hesabu yoyote. Ninalitumia mahali ambapo robo saa ya kukosea haina madhara. Mkahawa unaofunga mlango wa kupokea samaki kwa dakika maalumu hauwezi kupewa jibu hilo.

Kwa ujumbe wa maandishi unaosomwa na simu, nambari ziandikwe kwa maneno, tena kwa saa yetu. Ujumbe wenye 14:30 unamlazimisha dereva atoe sita kichwani ndipo apate saa nane u nusu, na hesabu hiyo, ingawa ni ndogo, inafanyika wakati macho yake yanatakiwa kumwangalia mtoto anayevuka barabara.

Heshima: mwanzoni, si katikati

Nilisema kwamba heshima ina mahali pake. Mtu hawezi, katika mji huu, kumwambia mzee wa umri wa babake "Nyoosha!" na kunyamaza. Lakini salamu kamili ya kuulizana habari za nyumbani inachukua sekunde ambazo dereva hana. Kati ya mawili hayo, neno moja la kumwita mtu linatosha: Ami, Mzee, Bwana, Bi, kulingana na alivyo kwako. Neno hilo linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Linaonyesha adabu, na kwa kuwa neno la kwanza la kila jibu ndilo linaloponyoka zaidi, kabla ya sikio la dereva kuiacha barabara na kugeukia sauti, linatangulia kama neno ambalo likipotea hakuna kilichoharibika. "Ami, hafungui leo. Rudi." Ukianza na kitenzi, unakiweka kitenzi kwenye hatari hiyo. Habari za nyumbani tunaulizana gari likishasimama, na huwa tunaulizana kwa kirefu.

Jibu lake kwangu nalo ninalichagua. "Sawa" inaniambia tu kwamba amesikia sauti. Ninamwomba arudie neno la tendo, kama "Narudi" au "Nashika njia ya Tudor", vile marubani wanavyorudia maagizo ya mnara kabla ya kuyatekeleza. Siku ya barafu, kama Ami angerudia "Atafungua", ningemsahihisha akiwa bado darajani.

Aliyeshika kazi lakini amesimama

Mtu mwenye mikono iliyojaa unga hafanani na dereva, ingawa wote wawili hawawezi kushika simu. Khalati yangu anapokanda mahamri huweka simu kando ya sinia na kuniuliza vipimo ninavyomsomea kutoka kwenye daftari lake. Yeye anaweza kungoja, anaweza kuniambia nirudie, na jibu la sekunde kumi halimpitishi kona yoyote. Hatari yake iko kwenye upatanisho wa maneno. Aliwahi kuuliza, "Sukari ngapi?" nami nikajibu "Viwili", nikidhani kwamba kiambishi kinatosha kumwonyesha ninachotaja. Lakini vikombe ni viwili na vijiko ni viwili pia, vyote vya ngeli moja. Alitia vijiko, mahamri yakatoka hayana ladha. Kwa dereva ninakata maneno kadiri ninavyoweza, kwa khalati ninalirudisha jina la kipimo hata kama linaonekana la ziada: "Vikombe viwili vya sukari." Na tui la nazi na iliki nisivitaje mpaka atakaposema "Halafu?", kwa sababu yeye ndiye anayejua lini kiganja kimekuwa tayari.

Kwa dereva neno hilo la "halafu?" silitegemei. Kila jibu langu lina hatua moja, au mbili zilizoshikana, na hatua inayofuata ninaitoa nikijua amefika kwenye alama ya kwanza.

Yako mambo ambayo hayakatwi yakawa mafupi, hata ukichagua maneno kwa uangalifu wa namna gani. Wiki iliyopita maduka matatu yalibadilisha mahitaji yao wakati mmoja: moja lilipunguza barafu, la pili likataka changu badala ya kolekole, la tatu likaomba lifikiwe kwanza. Ningeweza kuyagawa katika majibu sita mafupi, na Ami angeyabeba yote sita kichwani huku akitoka kwenye foleni ya Buxton. Badala yake nilimwambia, "Ami, ukipata pa kuegesha, nipigie." Akarudia, "Nikiegesha, nakupigia." Alinipigia baada ya dakika saba, injini ikiwa imezimwa, na kalamu mkononi.